Karibu Kazini, Lakini Soma Kwanza Mkataba wa Utarajali

Kijana aliyemaliza chuo, akakaa nyumbani miezi kadhaa akipeleka maombi huku na huko, siku akipigiwa simu kwamba amekubaliwa utarajali hasomi karatasi anazopewa. Anatia saini anapoonyeshwa, anashukuru, anauliza aripoti lini. Namwelewa kabisa. Lakini karatasi hizo mbili, barua ya kukaribishwa na mkataba wa utarajali, ndizo zinazoamua kama baada ya miezi sita atatoka na ujuzi ambao mwajiri mwingine ataukubali, au atatoka na posho aliyokwisha kuila kwa nauli.

Barua kwa kawaida huandikwa kwa moyo mkunjufu. Inampongeza, inamtajia tarehe ya kuripoti, inamwambia aje na nakala za vyeti, namba ya kitambulisho cha taifa, picha na namba ya akaunti. Barua nzuri humtajia pia jina la mtu atakayempokea, maana hakuna kinachomvunja moyo mgeni kama kukaa mapokezi hadi saa sita mchana kwa sababu hakuna aliyejua kwamba anakuja. Mkataba hauna maneno hayo matamu. Huo ndio unaobeba masharti, na karibu na mwisho wake mara nyingi kuna sentensi moja ambayo watu huiruka: kwamba mkataba huu ndio makubaliano yote kati ya pande mbili. Sentensi hiyo inaweza kuifanya barua ibaki maneno tu. Kama barua imeahidi chakula cha mchana au kuzungushwa kwenye idara tatu, na mkataba haujasema lolote juu ya hayo, mtarajali atapata shida kuyadai. Dawa yake ni nyepesi, nayo ni kuomba barua itajwe ndani ya mkataba kuwa ni kiambatisho chake.

Tuchukue mfano wa binti mwenye stashahada ya uhasibu anayeanza utarajali wa miezi sita katika kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Mkataba wake unasema: “Mtarajali atajifunza shughuli mbalimbali za idara ya fedha na kazi nyingine atakazopangiwa.” Ukiisoma haraka sentensi hiyo haina ubaya. Ukweli ni kwamba haimdai mtu yeyote kitu chochote. Akikaa miezi sita akipanga mafaili na kupeleka hundi benki, kampuni itakuwa imetimiza kila neno lililoandikwa, kwa kuwa hizo nazo ni shughuli za idara ya fedha.

Lengo la mafunzo lina maana pale tu mtu wa tatu, asiyewajua wala mtarajali wala kampuni, akiweza kulisoma na kusema limefikiwa au halijafikiwa. Kwa binti huyu lingeandikwa hivi: mwezi wa kwanza ajifunze kuandaa vocha za malipo, kukagua kama kila vocha ina risiti halali ya EFD na idhini ya aliyeruhusu malipo, na kutunza daftari la fedha za matumizi madogo. Kufikia mwisho wa mwezi wa tatu awe amelinganisha, peke yake, daftari la fedha na taarifa ya benki ya mwezi mzima, na kila tofauti aieleze: hundi iliyotolewa ambayo mwenyewe hajaipeleka benki, makato ya benki ambayo hayajaingizwa kwenye daftari, mteja aliyeweka pesa bila kutaja ankara anayolipia. Katika miezi mitatu ya mwisho awe ameandaa rasimu ya ritani ya VAT kwa miezi miwili, ikakaguliwa na mhasibu kabla ya tarehe 20, ambayo ndiyo mwisho wa kuiwasilisha TRA.

Malengo hayo matatu yanatosha. Nimeona mikataba yenye malengo kumi na matano yaliyonakiliwa kutoka kwenye mtaala wa chuo, na hakuna hata mmoja ofisini aliyeyakumbuka baada ya wiki ya pili. Machache yaliyopangwa kwa mwezi yanamfaa hata mwajiri, kwa sababu yanamwambia msimamizi ni lini aache kumpa mtarajali kazi ya jana na kumpa ngumu zaidi. Maneno “kazi nyingine atakazopangiwa” si lazima yafutwe, kwani kila ofisi ina siku ya dharura. Inatosha kuongeza kwamba kazi hizo zisizidi sehemu fulani ya muda wake, tuseme siku moja kwa wiki.

Yote haya yanamhitaji mtu wa kuyasimamia, na hapa ndipo mikataba mingi inapolegea. Inasema mtarajali atakuwa “chini ya mkuu wa idara.” Mkuu wa idara ana vikao, ana safari, ana wakaguzi wa hesabu wanaomsubiri. Anayejua kama binti ameelewa tofauti ya daftari na taarifa ya benki ni mhasibu anayekaa naye meza jirani. Huyo ndiye atajwe kuwa msimamizi, kwa jina au kwa cheo, pamoja na wa kumshikia nafasi akiwa likizo. Mkataba uonyeshe pia muda wake: saa moja kila wiki ya kukaa pamoja, kupitia kitabu cha kumbukumbu ambacho wanafunzi wa fildi wanakijua vizuri, kukitia saini, na kuandika kilichoenda vibaya. Kuwe na tathmini ya maandishi katikati, mwisho wa mwezi wa tatu, wakati bado kuna muda wa kurekebisha. Tathmini inayofanyika siku ya kuaga haimsaidii mtu tena.

Dalili ya usimamizi uliokufa huonekana kwenye kitabu hicho hicho. Ukikuta saini za wiki nane zimepigwa siku moja, kwa kalamu moja, bila hata neno la maoni, ujue hakuna aliyekuwa anafundisha.

Kuhusu posho, tufanye hesabu ya binti wetu. Mkataba unampa shilingi 150,000 kwa mwezi. Anabadilisha daladala mara mbili kwenda na mara mbili kurudi, jumla shilingi 2,800 kwa siku, na chakula cha mchana shilingi 3,000. Kwa siku 22 za kazi hiyo ni shilingi 127,600. Anabaki na shilingi 22,400 za vocha ya simu, sabuni na dharura zote. Akilipwa tarehe 30, kama mkataba unavyosema, mwezi wa kwanza mzima atakuwa akiishi kwa mkopo wa nyumbani. Kwa hiyo tarehe ya malipo ina uzito karibu sawa na kiwango chenyewe, na ni haki kabisa kuomba nusu ya posho ya mwezi wa kwanza itolewe wiki ya kwanza. Mkataba useme pia kama posho hukatwa siku ya ugonjwa au sikukuu, na gharama za kazi nani anazilipa. Anayetumwa Kariakoo kufuatilia ankara kwa nauli yake mwenyewe anapunguziwa posho kimyakimya.

Wapo wanaouliza kwa nini isiwe mshahara. Jibu linategemea kinachofanyika kweli, na hapa sheria ina macho makali kuliko wengi wanavyodhani. Karibu kila mkataba wa utarajali una kifungu kinachosema makubaliano haya si ajira. Lakini Tanzania, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inataja mazingira kadhaa ambayo, hata moja likiwepo, mtu anayefanyia kazi mwingine huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo: kwamba namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, kwamba saa zake zinapangwa na mwingine, kwamba anapewa vitendea kazi, kwamba anamtegemea huyo kiuchumi. Mtarajali wa kawaida anagusa mazingira hayo karibu yote. Kinachomtofautisha na mwajiriwa ni mafunzo: malengo yaliyoandikwa, msimamizi anayefundisha, tathmini, na tarehe ya mwisho. Mwajiri akiyaondoa hayo, anabaki na mtu anayefanya kazi ya karani bila mchango wa hifadhi ya jamii wala likizo. Ndiyo maana naamini ukurasa wa malengo unamlinda mwajiri kama unavyomlinda mtarajali.

Kenya jambo hili limefika mahakamani. Walimu wa sekondari ya chini waliochukuliwa kama watarajali walikuwa wamehitimu na kusajiliwa, wakibeba vipindi darasani kama wenzao, kwa posho ya shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi. Aprili 2024, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba Tume ya Huduma za Walimu haikuwa na mamlaka ya kuwachukua walimu kwa utaratibu huo, na tume ikakata rufaa. Miezi hiyo hiyo madaktari wa Kenya walikuwa kwenye mgomo, na moja ya sababu ilikuwa posho ya madaktari watarajali: makubaliano ya mwaka 2017 yaliwapa zaidi ya shilingi 200,000, serikali ikawa inataka kuwalipa 70,000. Aliyeyashika makubaliano ya 2017 mkononi alikuwa na kitu cha kuonyesha.

Sehemu ya mwenendo huwa ndefu na huwa ya upande mmoja: uvaaji, kuwahi, simu, adabu. Kuwahi ni haki ya ofisi kudai. Siri pia ni haki yake, hasa kwa binti wetu anayeona mishahara ya watu na madeni ya wateja. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, kupiga picha orodha ya wateja na kuituma kwenye kundi la simu kunaweza kuleta mashtaka, wala si onyo la ofisi peke yake. Afundishwe hilo siku ya kwanza, aonyeshwe ni faili gani haziondoki ofisini.

Lakini mwenendo wa waliomzidi cheo nao uandikwe. Mtarajali ndiye mnyonge kuliko wote katika jengo: hana mkataba wa kudumu, anahitaji barua ya utambulisho, na mtu mmoja ndiye atakayeiandika. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalihesabu kuwa kosa la jinai mtu mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe ajira au upendeleo. Mkataba ukisema hivyo waziwazi, na ukamtaja mtu wa kupokea malalamiko ambaye si msimamizi wake wala bosi wa idara hiyo, binti anajua pa kwenda. Bila mtu huyo wa pili, malalamiko yanarudi mezani kwa anayelalamikiwa.

Mwisho wa mkataba huwa na kifungu cha kuvunja makubaliano. Kiangalie kinasemaje kuhusu cheti. Iwapo atapata ajira mwezi wa nne na kutoa notisi ya siku 14, je, atapewa cheti cha miezi minne aliyofanya, chenye kutaja kazi alizozimudu, au atanyimwa kabisa kwa kuwa “hakumaliza”? Aombe iandikwe kwamba cheti kitatolewa kwa muda aliofanya, ndani ya siku saba baada ya kuondoka, kikiwa na malengo yale matatu na alama ya kila moja. Kisha achukue nakala yake iliyosainiwa na pande zote mbili siku hiyo hiyo, kabla hajatoka ofisini, na aipeleke nyumbani.