Maandishi ya Kanga Yalipopotea: Kodeki Ipi Inafaa kwa Video Nyepesi?

Harusi ya binamu yangu ilirekodiwa kwa saa nzima, na faili lililotoka kwenye kamera lilikuwa na uzito wa karibu gigabaiti 8. Nilikabidhiwa kazi ya kulipunguza ili ndugu wa Mtwara na wa Muscat waweze kulipakua bila kumaliza bando. Mwishoni mwa sherehe akina shangazi wanacheza wakiwa wamevaa kanga za sare, na kwenye pindo la kila kanga pameandikwa "Wema hauozi". Nilipobana mara ya kwanza, maandishi yale yalikuwa mstari mweusi usiosomeka.

Nilikuwa nimechagua kilobiti 500 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho saa moja ya picha hutoa megabaiti 225, na sauti ya kilobiti 64 huongeza megabaiti 29. Ni faili linalobebeka. Lakini video ya pikseli 1280 kwa 720, yenye fremu 25 kila sekunde, ina pikseli zaidi ya milioni 23 kwa sekunde. Ukigawanya, kila biti moja inalazimika kueleza pikseli 46. Hakuna njia ya kueleza zote. Kodeki, yaani kanuni ya kubana na kufungua video, ndiyo inayoamua kipi kibaki na kipi kitupwe.

Kodeki kongwe inayotumika kila mahali ni H.264, iliyopitishwa mwaka 2003. Hukata kila fremu katika miraba ya pikseli 16 kwa 16, kisha kwa kila mraba hutafuta eneo linalofanana nao kwenye fremu nyingine, ili ihifadhi tofauti tu. Ukuta mweupe usiosogea unahitaji biti chache mno. Kanga inayopepea inahitaji nyingi, na biti zikipungua, tofauti ndogondogo hutupwa. Hapo miraba huanza kuonekana kwa macho, hasa kwenye vivuli na kwenye vitu vinavyokwenda mbio.

H.265, iliyotoka mwaka 2013, ilikuja na miraba inayofika pikseli 64 kwa 64, na AV1 ya mwaka 2018 ikafika 128 kwa 128. Ukuta wote unaweza kuelezwa kwa miraba michache, na biti zilizookolewa zikapelekwa kwenye uso wa bibi harusi au pindo la kanga. Zote mbili hugawanya miraba hiyo kwa namna nyingi zaidi, na zina vichujio vya kusafisha kingo baada ya kubana. Lengo la H.265 lilikuwa kutoa ubora uleule wa H.264 kwa nusu ya biti, na AV1 kwa kawaida hubana zaidi ya hapo kidogo. Faida hiyo huonekana zaidi kwenye biti chache. Ukiipa H.264 kilobiti 5,000 kwa picha ya ukubwa huu, si rahisi kuona tofauti kwenye skrini ya simu.

Ili kulinganisha kwa haki, nilikata dakika moja ya ule mchezo wa akina shangazi nikaibana mara tatu kwa kiwango kilekile cha biti:

```
ffmpeg -i ngoma.mp4 -an -vf scale=-2:720 -c:v libx264 -preset slow -b:v 500k a.mp4
ffmpeg -i ngoma.mp4 -an -vf scale=-2:720 -c:v libx265 -preset slow -tag:v hvc1 -b:v 500k b.mp4
ffmpeg -i ngoma.mp4 -an -vf scale=-2:720 -c:v libsvtav1 -preset 6 -b:v 500k c.mp4
```

Kabla ya kutazama, linganisha ukubwa wa mafaili. Programu huweza kupitiliza kiwango ulichoipa, na faili zito likashinda kwa sababu limepewa biti nyingi, wala si kwa ubora wa kodeki. Kisha tazama video ikiwa inacheza, kwenye simu, kwa sababu fremu moja iliyosimamishwa hudanganya.

Kwenye faili la H.264 miraba ilirukaruka kila akina shangazi walipogeuka. Kwenye H.265 miraba ilitoweka na herufi kubwa zilianza kutambulika. Kwenye AV1 kingo za herufi zilikuwa safi kiasi cha kusomeka nguo ilipotulia. Lakini uso wa shangazi mkubwa ulikuwa laini kama umepakwa nta, mikunjo yake yote imefutwa. Hilo ndilo la kuangalia kwa makini. Kodeki kongwe ikishindwa, kila mtu anaona picha imevunjika. Kodeki mpya ikishindwa, hufuta undani kimyakimya na kukuachia picha safi. Asiyeiona video ya asili hatajua kilichopotea. Kwa hiyo weka faili la asili pembeni, na ukague nywele, ngozi na nyuzi za kitambaa kabla ya kuridhika.

Kuhusu muda, kompyuta yangu mpakato ilimaliza H.264 kwa kama nusu dakika, AV1 kwa karibu dakika moja, na H.265 kwa dakika mbili. Wengi hudhani AV1 lazima iwe ya mwisho. Ukweli ni kwamba kasi hutegemea programu na namba ya `preset` kuliko jina la kodeki. Niliposhusha namba ya AV1 kutoka 6 hadi 2, dakika ileile moja ilichukua karibu dakika sita, maana yake saa sita kwa harusi nzima. Picha iliongezeka ubora kidogo tu. Kwa kazi ya nyumbani, 6 au 5 inatosha.

Limebaki suala la simu za wapokeaji. H.264 huchezwa na karibu kila simu, runinga na kompyuta iliyopo. H.265 inachezwa na simu nyingi za miaka ya karibuni, na iPhone hurekodi nayo tangu mwaka 2017. AV1 ndiyo yenye mtihani. iPhone ya kwanza yenye chipu ya kuifungua ni 15 Pro ya mwaka 2023, na simu nyingi za Android za bei nafuu hazina chipu hiyo. Programu kama VLC inaweza kuifungua kwa kutumia prosesa, lakini simu inaweza kuchemka, chaji ikashuka haraka na picha ikakwamakwama. Simu isiyoielewa kabisa hutoa sauti huku skrini ikiwa nyeusi. Mtu akikuambia "nasikia ngoma ila sioni kitu", faili halijaharibika. Simu yake haina kodeki hiyo, na jina la `.mp4` halikuonyesha ni kodeki gani iliyomo ndani.

Mwisho wake nilitengeneza mafaili mawili. Ndugu wa Muscat, ambao simu zao nilizijua, nilitumia la AV1 kwa kilobiti 500. Kundi la familia lilipata la H.264, lakini nilipunguza picha hadi mistari 480 na kupandisha biti hadi kilobiti 700. Picha ndogo iliyopewa biti za kutosha hupendeza kuliko picha kubwa iliyojaa miraba.

Ukitumia kundi la watu ambao simu zao huzijui, tuma H.264 na upunguze ukubwa wa picha. Ukizijua simu zao, AV1 au H.265 itawapunguzia gharama ya bando. Na lile faili la kamera, hata kama ni zito, usilifute, kwa kuwa mikunjo ya uso wa shangazi ikishatupwa na kodeki hairudi tena.