Ankara Ikija na Bei Msiyokubaliana

Mzigo umeshuka, stoo imepokea, kila kitu kimehesabiwa na kimetimia. Siku chache baadaye ankara inafika, na bei zake hazilingani na zile za kotesheni mliyoikubali. Wengi hupiga simu kulalamika, wengine hulipa tu ili yaishe. Kinachorudisha fedha ni barua fupi yenye hesabu sahihi, na kabla ya kuiandika ni lazima ujue unadai kiasi gani hasa.

Tuchukue mfano wa shule ya bweni nchini Tanzania inayojenga madarasa mawili. Tarehe 3 Machi 2025 muuza vifaa vya ujenzi aliipa shule kotesheni ya saruji mifuko 120 kwa shilingi 16,000 kila mmoja, bati 80 za geji 28 kwa 27,000, na nondo 50 za milimita 12 kwa 22,000. Chini ya karatasi aliandika mistari miwili: bei hazijumuishi VAT, na bei ni halali kwa siku 30. Tarehe 14 Machi shule ikatoa hati ya agizo, yaani LPO, kwa bei hizo hizo. Ankara ya tarehe 28 Machi ilidai jumla ya shilingi 6,255,180.

Mhasibu mwenye haraka ataangalia mwisho wa kotesheni, aone 5,180,000, atoe kwenye 6,255,180, kisha adai amezidishiwa 1,075,180. Barua ya namna hiyo itarudi na aibu. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ni VAT ya asilimia 18, ambayo kotesheni ilisema wazi kwamba haimo. Kwa hiyo usianze na jumla. Anza na bei ya kitu kimoja kimoja, mstari kwa mstari.

Ukifanya hivyo, mambo yanajitokeza yenyewe. Bati ziko sawa. Saruji imeandikwa 16,800 badala ya 16,000, na nondo 22,500 badala ya 22,000. Shilingi 800 mara mifuko 120 ni 96,000. Shilingi 500 mara nondo 50 ni 25,000. Tofauti ni 121,000 kabla ya kodi. Hapa tena wapo wanaokosea kwa upande wa pili: wanadai 121,000 na kuishia hapo. VAT nayo imetozwa juu ya bei iliyozidishwa, kwa hiyo ongeza asilimia 18 ya 121,000, ambayo ni 21,780. Dai halali ni shilingi 142,780.

Kabla ya kushika kalamu, hakikisha mambo mawili. La kwanza ni idadi. Linganisha ankara na hati ya kupokelea mzigo. Kama stoo ilipokea mifuko 118 na ankara inasema 120, hilo ni dai la upungufu wa mzigo, na lipewe aya yake. Ukilichanganya na dai la bei, muuzaji atashindwa kujua anajibu lipi. La pili ni tarehe. Kotesheni ya siku 30 iliyotolewa tarehe 3 Machi ilikuwa hai bado tarehe 14 Machi shule ilipoagiza. Muuzaji akisema saruji ilipanda kiwandani baada ya hapo, jibu ni kwamba makubaliano yalikwishafungwa. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ofa ikikubaliwa kama ilivyo, bila masharti mapya, inakuwa ahadi. Lakini kama shule ingeagiza tarehe 20 Aprili, au kama kotesheni ingesema bei itafuata soko siku ya kupeleka mzigo, isingekuwa na dai. Ingebaki na ombi tu.

Sasa barua inaweza kuandikwa, nayo haihitaji kuzidi ukurasa mmoja:

Meneja Mauzo,

YAH: TOFAUTI YA BEI KATI YA KOTESHENI NA. 112 NA ANKARA NA. 0457

Husika na somo tajwa hapo juu.

Tumepokea ankara yenu ya tarehe 28 Machi 2025 yenye jumla ya Sh. 6,255,180. Mzigo ulifika kamili. Hata hivyo, bei za bidhaa mbili haziendani na kotesheni yenu ya tarehe 3 Machi, ambayo tuliikubali kwa LPO ya tarehe 14 Machi, ndani ya siku 30 za uhalali wake.

Saruji, mifuko 120: bei ya makubaliano 16,000, bei ya ankara 16,800, zidio 96,000.
Nondo mm 12, vipande 50: bei ya makubaliano 22,000, bei ya ankara 22,500, zidio 25,000.
Jumla ya zidio kabla ya VAT: 121,000.
VAT asilimia 18: 21,780.
Jumla ya zidio: 142,780.

Kwa bei za makubaliano, ankara inapaswa kusomeka hivi: bidhaa 5,180,000, VAT 932,400, jumla 6,112,400.

Tunaomba mtupatie hati ya marekebisho ya Sh. 142,780 kabla ya tarehe 11 Aprili 2025. Malipo ya Sh. 6,112,400 yatafanyika kwa wakati kama tulivyokubaliana. Tumeambatisha nakala za kotesheni, LPO na ankara.

Mkuu wa Shule

Barua hii haina neno la kumtuhumu mtu. Mara nyingi tofauti kama hizi hutokea kwa sababu karani wa mauzo aliandika ankara kwa orodha mpya ya bei bila kufungua faili la mteja. Ukimwita mwizi, atajitetea. Ukimwonyesha mstari uliokosewa, ataurekebisha. Sentensi inayosema mzigo ulifika kamili na ile inayoahidi kulipa kiasi kisicho na ubishi zinamwonyesha kwamba hukimbii deni.

Sababu ya kuomba hati ya marekebisho ni hii. Ankara ikishatolewa pamoja na risiti ya EFD, mauzo yake yameshafika TRA kwa jumla ile ile iliyokosewa. Kuchana karatasi au kufuta bei kwa kalamu hakubadilishi chochote kwenye mfumo. Nawe ukilipa pungufu na kunyamaza, daftari la muuzaji litaendelea kuonyesha unadaiwa 142,780, na siku utakapoagiza tena utakumbushwa deni hilo. Hati ya marekebisho hulipunguza deni, na pia humwezesha muuzaji kurekebisha kodi aliyoitangaza. Kama ulishalipa zote, omba urudishiwe au kiasi hicho kikatwe kwenye ankara ijayo, na utaje ni lipi kati ya hayo mawili unalolitaka.

Jambo moja huwanasa wengi hata wakiwa na haki. Hati ya kupokelea mzigo kwa kawaida huthibitisha idadi tu, lakini wauzaji wengine huiandika na bei. Mtunza stoo akiisaini hivyo, muuzaji atapata hoja ya kusema bei mpya mliiona mkaipokea. Mwelekeze mtunza stoo wako: akikuta bei kwenye hati hiyo, kando ya saini aandike "idadi tu imehakikiwa". Kisha barua ya dai itumwe ndani ya wiki ile ile ankara ilipofika, kwa barua pepe au kwa mkono, na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi ibaki kwenye faili lako.