Habari za mto kwa miliwati 25

Katika kaunti ya Nyeri nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi wamefunga kwenye mto Muringato vifaa vidogo vya kupima kimo cha maji. Kihisi huning'inia juu ya mto na kutoa mlio ambao sikio la mtu halisikii, kisha husubiri mwangwi urudi kutoka kwenye uso wa maji. Maji yakipanda, mwangwi hurudi upesi zaidi. Vipimo hivyo husafiri kwa redio ya LoRa hadi kwenye lango, yaani mashine inayosikiliza vihisi vyote vya eneo na kupeleka ujumbe wao kwenye seva kupitia intaneti. Kihisi chenyewe hakihitaji laini ya simu.

Redio hii ilibuniwa Ufaransa na kampuni ndogo ya Cycleo, iliyonunuliwa na Semtech ya Marekani mwaka 2012. Ujanja wake ni umbo la wimbi. Wimbi la LoRa halitulii kwenye masafa mamoja. Hupanda kutoka chini hadi juu kama mluzi, likaanza tena, na data imo katika pale linapoanzia. Kwa kuwa mpokeaji anajua vizuri umbo analolitafuta, anaweza kulichomoa hata likiwa dhaifu mara 100 kuliko kelele zilizolizunguka.

Uwezo huo hulipiwa kwa muda. LoRa ina ngazi za mwendo, kuanzia SF7 iliyo ya haraka hadi SF12 iliyo ya polepole. Kila ngazi inayopanda huongeza umbali kidogo, lakini ujumbe huchukua karibu mara mbili ya muda wa ngazi iliyotangulia. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya fundi ni kupunguza maneno.

Tuchukue kihisi kinachotuma mambo mawili tu: kimo cha maji, milimita 1843, na nguvu ya betri, milivolti 3920. Mwanagenzi huyaandika kama sentensi yenye herufi ishirini hivi. Mzoefu huyapanga kama namba tupu, baiti mbili kwa kila kipimo:

```
07 33 0F 50
```

Seva hufanya hesabu ya kurudisha: 7 mara 256, ongeza 51 (ndiyo hiyo 33 kwa namba za msingi wa 16), unapata 1843. Ukijumlisha baiti 13 ambazo itifaki ya LoRaWAN huongeza, ujumbe huo hukaa hewani milisekunde 51 hivi kwa SF7. Kwa SF12 hufika sekunde 1.3. Kihisi kinachotuma kila baada ya dakika 15 hutuma mara 96 kwa siku, kwa hiyo redio yake huongea chini ya sekunde 5 kutwa nzima kwenye ngazi ya chini, na zaidi ya dakika 2 kwenye ngazi ya juu.

Muda uliobaki kifaa kinatakiwa kulala, na hapa ndipo miradi mingi hufia. Redio hula kama miliampia 40 inapotuma, lakini ni kwa kitambo kidogo sana. Mwizi wa betri ni bodi yenyewe: taa ndogo inayowaka daima, au kidhibiti umeme kisicholala. Bodi inayovuja miliampia 5 tu humaliza betri ya miliampia-saa 3000 kwa siku 25. Bodi iliyolala kwa mikroampia 10 hutumia usingizini chini ya robo ya miliampia-saa kwa siku, kiasi ambacho kinaruhusu betri hiyo hiyo kukaa miaka. Pima mkondo wa usingizi kwa mita mezani kabla kifaa hakijafungwa mtoni. Mita ya bei ndogo inatosha kugundua miliampia zinazovuja.

Sasa lango. Mwaka 2017 kifaa cha LoRa kilichorushwa kwa puto nchini Uholanzi kilisikika umbali wa kilomita 702 kwa nguvu ya miliwati 25 tu. Wauzaji hupenda kuitaja rekodi hiyo, lakini puto lilikuwa juu angani na halikuwa na kilima mbele yake. Mto uko bondeni. Ujumbe uleule unaweza kufa baada ya kilomita 2 kwa sababu ya ukingo mmoja wa ardhi.

Kuonana kwa macho pekee hakutoshi. Mawimbi ya megahezi 868, yanayotumika Kenya, yanahitaji nafasi pembeni mwa mstari unaounganisha antena mbili. Kwa umbali wa kilomita 4, nafasi hiyo katikati ya njia ina nusu kipenyo cha mita 18 hivi, na zaidi ya nusu yake inapaswa kuwa wazi, bila miti wala paa. Kwa hiyo, kuinua antena juu ya mnara wa tangi la maji mara nyingi huleta faida kuliko kununua kifaa kingine.

Lakini usiiinue antena ukaliacha lango chini ofisini. Waya mwembamba wa aina ya RG174 hupoteza desibeli 1 hivi kwa kila mita, na mita 10 zake humeza sehemu tisa kati ya kumi za mawimbi. Weka lango kwenye kasha lisilopitisha maji karibu na antena, kisha upandishe waya wa mtandao unaobeba data na umeme kwa pamoja.

Katika ununuzi, mtego mkubwa ni lango la bei rahisi lenye chaneli moja. Vihisi vya LoRaWAN huruka kutoka chaneli moja hadi nyingine, hivyo lango hilo hukosa ujumbe mwingi bila kutoa dalili ya hitilafu. Lango la kweli lina chaneli 8 na husikia ngazi zote kwa wakati mmoja.

Hata lango zuri lina udhaifu wake: likiongea halisikii. Anayeagiza kila kihisi kisubiri jibu la "nimepokea" analifanya lango liwe kiziwi kila linapojibu, na ujumbe wa vihisi vingine hupotea. Kwa kimo cha mto, kipimo kimoja kikipotea, kinachofuata kitakuja baada ya dakika 15. Achana na majibu, ukahesabu upotevu kwa njia nyingine.

Njia hiyo ipo tayari. Kila ujumbe hubeba namba ya mfuatano, inayoonekana kwenye seva kama `f_cnt`. Ukiona 411, 412, kisha 415, umepoteza mbili. Tazama pia `snr`: SF7 hukata mawasiliano karibu na -7.5, na SF12 karibu na -20. Kihisi cha SF12 kinachosoma -18 kinafanya kazi leo, lakini mvua kubwa au majani mapya ya msimu yatakinyamazisha. Namba ya mfuatano ikirudi sifuri ghafla, kifaa kimejiwasha upya, na mara nyingi chanzo ni betri dhaifu.

Kabla ya kununua vihisi kumi, nunua kimoja. Kipeleke pale pale kitakapofungwa, ukishike kwa kimo kile kile, utume ujumbe hamsini na uandike `snr` ya kila mmoja. Ukikosa zaidi ya watano, hamisha antena ya lango kwanza.