Minyororo Mirefu Kuliko Yote Iko Mingapi? Idadi Inayotunzwa Kando ya Urefu

Katika safu ya namba 5, 2, 6, 3, 7, 4, mtu anaweza kuokota namba chache kutoka kushoto kwenda kulia, akiruka asizozitaka, ilimradi kila anayoiokota iwe kubwa kuliko aliyoiokota kabla yake. Akiokota 2, kisha 6, kisha 7, amepata mnyororo unaopanda wenye namba tatu. Katika safu hii hakuna mnyororo wenye namba nne, kwa hiyo tatu ndio urefu wa juu kabisa. Kuupata urefu huo ni swali la zamani katika hisabati na katika uandishi wa programu. Mwaka 1961 Craige Schensted alichapisha makala iliyoonyesha jinsi urefu huo unavyopatikana kwa kuzipanga namba katika jedwali, moja baada ya nyingine. Swali la pili ndilo lenye mtego: minyororo yenye urefu huo wa juu iko mingapi?

Jibu linalokuja haraka kichwani ni kuiorodhesha yote, kisha kuihesabu. Kwa safu ya namba sita njia hiyo inatosha, ila haiendi mbali. Safu 2, 1, 4, 3, 6, 5 imepangwa kwa jozi, na katika kila jozi namba kubwa imetangulia ndogo. Mnyororo unaopanda hauwezi kuchukua namba zote mbili za jozi moja, lakini unaweza kuchukua yoyote kati ya hizo mbili. Jozi tatu zinatoa minyororo 2 × 2 × 2, yaani 8. Safu ya namba 100 iliyopangwa hivyohivyo ina jozi 50, na minyororo yake mirefu inazidi trilioni 1,125. Kompyuta inayoandika minyororo milioni moja kila sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 35 kuimaliza. Lakini aliyeulizwa idadi hakuombwa orodha, na idadi inapatikana bila mnyororo hata mmoja kuandikwa.

Njia yenyewe ni kuipa kila nafasi katika safu namba mbili za kukumbuka. Ya kwanza ni urefu wa mnyororo mrefu kuliko yote unaoishia hapo hapo, kwenye nafasi hiyo. Ya pili ni idadi ya minyororo yenye urefu huo inayoishia hapo. Kila nafasi inaanza na urefu 1 na idadi 1, kwa sababu namba ikiwa peke yake tayari ni mnyororo. Kisha kila nafasi inatazama nyuma, kwa namba zote zilizotangulia ambazo ni ndogo kuliko yake, na kwa kila moja inajiuliza: nikiunga mnyororo unaoishia pale, nitafika urefu gani?

Hapo kuna mambo matatu yanayoweza kutokea. Urefu mpya ukizidi uliokwisha kuandikwa, urefu unabadilishwa, na idadi ya zamani inafutwa kabisa ili nafasi ichukue idadi ya kule inakounga. Urefu mpya ukilingana na uliopo, urefu unabaki vilevile na idadi ya kule inajumlishwa juu ya iliyopo. Ukiwa mfupi zaidi, haufanyiwi chochote.

Kwa safu ya mwanzo kazi inaenda hivi. Namba 5 haina kitu nyuma yake, inabaki na urefu 1, idadi 1. Namba 2 ina 5 nyuma yake, lakini 5 ni kubwa, kwa hiyo nayo inabaki na 1 na 1. Namba 6 inaiona 5 na kufika urefu 2, idadi 1. Kisha inaiona 2, ambayo nayo inaifikisha urefu 2, na idadi inakuwa 2. Namba 3 inaweza kuiunga 2 peke yake: urefu 2, idadi 1.

Namba 7 ndiyo inayoonyesha kanuni nzima ikifanya kazi. Inaanza kwa 5 na kupata urefu 2, idadi 1. Inaiona 2, urefu unalingana, idadi inapanda hadi 2. Halafu inaiona 6, ambayo tayari ina urefu 2, hivyo urefu wa 7 unaruka hadi 3. Ile minyororo miwili iliyokwisha kuhesabiwa, 5 na 7, 2 na 7, sasa ni mifupi na haina kazi tena. Inafutwa, na 7 inachukua idadi ya 6, ambayo ni 2. Mwisho inaiona 3, urefu unalingana tena, na idadi yake ya 1 inaongezwa. Kwa hiyo 7 ina urefu 3, idadi 3. Namba 4 inapitia 2 na 3 tu, na inaishia na urefu 3, idadi 1.

Bado hatua moja. Urefu wa juu katika safu nzima ni 3, na umefikiwa na nafasi mbili, ya 7 na ya 4. Idadi zao zinajumlishwa: 3 na 1 ni 4. Kwa kuwa safu ni fupi, jibu linaweza kukaguliwa kwa macho: 5 6 7, 2 6 7, 2 3 7 na 2 3 4.

Ruhusa ya kujumlisha inatokana na jambo moja. Kila mnyororo unaoishia kwenye nafasi fulani una nafasi moja tu inayotangulia ile ya mwisho. Minyororo inayofika 7 kupitia 6 na ile inayofika kupitia 3 ni makundi mawili yasiyochangia mnyororo wowote, kwa hiyo kuyajumlisha hakuhesabu kitu mara mbili. Na kipande cha mnyororo kinachobaki ukiondoa namba ya mwisho lazima nacho kiwe kirefu kuliko vyote vinavyoishia pale kinapoishia. Kama kingekuwepo kirefu zaidi, mnyororo mzima ungerefuka. Ndiyo maana kila nafasi inatosheka na namba mbili, bila kutunza historia ya mifupi.

Kwa lugha ya Python maelezo yote haya yanaingia katika mistari michache:

```python
def hesabu(a):
    n = len(a)
    urefu = [1] * n
    idadi = [1] * n
    for i in range(n):
        for j in range(i):
            if a[j] < a[i]:
                if urefu[j] + 1 > urefu[i]:
                    urefu[i] = urefu[j] + 1
                    idadi[i] = idadi[j]
                elif urefu[j] + 1 == urefu[i]:
                    idadi[i] += idadi[j]
    mrefu = max(urefu, default=0)
    return sum(c for u, c in zip(urefu, idadi)
               if u == mrefu)
```

Makosa katika programu hii ni yaleyale karibu kila mara, na kila moja lina safu fupi ya kulifichua. Anayesahau kufuta idadi ya zamani urefu unapopanda atapata 2 kwa safu ya 1, 2, ilhali jibu ni 1. Anayerudisha idadi ya nafasi ya kwanza yenye urefu wa juu, badala ya kujumlisha nafasi zote zenye urefu huo, atapata 3 kwa safu ya mfano wetu badala ya 4. Kosa la tatu ni la kujificha zaidi: urefu ukilingana, mwandishi anaongeza 1 badala ya `idadi[j]`. Safu ya 5, 2, 6, 3, 7, 4 hailigundui, kwa sababu kila idadi iliyojumlishwa humo ilikuwa 1. Inayoligundua ni 2, 1, 4, 3, 6, 5, ambapo programu mbovu inatoa 6 na ile sahihi inatoa 8.

Namba zinazojirudia zinahitaji uamuzi kabla ya kuandika chochote. Kwa kanuni iliyoelezwa, kinachohesabiwa ni nafasi. Safu 1, 3, 3, 5 ina minyororo miwili, kwa kuwa 3 ya kwanza na 3 ya pili ni nafasi tofauti, ingawa kwa kusoma yote miwili ni 1 3 5. Safu ya 2 tano tupu ina jibu 5, kila moja ikiwa mnyororo wa urefu 1. Anayetaka kuhesabu minyororo kwa thamani zake anapaswa, anapotazama nyuma, kuitumia kila thamani mara moja tu, pale ilipoonekana mwisho, na kufanya hivyohivyo katika jumla ya mwisho. Nafasi hiyo ya mwisho haikosi kitu, kwa sababu mnyororo wowote ulioishia kwenye nakala ya awali unaweza pia kuishia kwenye ile ya baadaye.

Ukubwa wa jibu nao una hatari yake. Python hukuza namba zake kadiri inavyohitajika, lakini katika lugha kama C au Java namba ya kawaida ya biti 32 inaishia 2,147,483,647. Safu ya jozi yenye namba 62 tu ina minyororo 2,147,483,648, moja zaidi ya kikomo hicho, na jibu linageuka kuwa hasi bila onyo lolote. Jibu hasi kwa swali la idadi ni dalili tosha ya tatizo hili. Tabu ni pale jibu linapofurika hadi kurudi upande wa chanya, maana hapo halitiliwi shaka.

Kutazama nyuma kwa kila nafasi kuna gharama. Safu ya namba 100 inahitaji ulinganisho 4,950, ambao ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini safu ya namba 100,000 inahitaji karibu bilioni tano. Kinachoikoa kazi hii ni tabia moja ya namba zenye urefu sawa: ukizipanga kwa zilivyotokea, haziongezeki kamwe. Kama iliyotokea baadaye ingekuwa kubwa kuliko mwenzake, ingemuunga na urefu wake ungezidi. Katika mfano wetu kundi la urefu 1 ni 5, 2; la urefu 2 ni 6, 3; la urefu 3 ni 7, 4.

Kwa kuwa kila kundi linashuka, namba ndogo kuliko ile inayoshughulikiwa daima ziko mkiani mwa kundi. Basi inatosha kutunza, kando ya kila kundi, jumla ya idadi tangu mwanzo wake. Kundi la urefu 2 lina idadi 2 na 1, hivyo jumla zake ni 2, kisha 3. Namba 4 inapofika, inatafuta kundi refu kuliko yote ambalo namba yake ya mwisho ni ndogo kuliko 4, na hilo ni hili la urefu 2, linaloishia na 3. Ndani yake iliyo ndogo kuliko 4 ni 3 peke yake, kwa hiyo 4 inachukua jumla yote, 3, na kuondoa jumla ya zilizo kabla ya hapo, 2. Inabaki 1, sawa na ilivyopatikana mwanzo. Kutafuta kundi, na kutafuta mahali ndani ya kundi, kote kunafanywa kwa kuigawa nusu kwa nusu sehemu inayotafutwa, hatua zisizozidi 17 kwa kila upande hata safu ikiwa na namba 100,000. Bilioni tano zinashuka hadi milioni tatu na kidogo.