Mnyororo Ulionyooka Huhitaji Hatua Mbili

Mwaka 1877, Mfaransa Charles Friedel na Mmarekani James Mason Crafts walionyesha jinsi kloridi ya alumini, AlCl₃, inavyowezesha mnyororo wa kaboni kushikamana na pete ya benzeni. Njia yao ingali inatumika, lakini ina mtego.

Tuseme mkemia anataka propilibenzeni, yaani pete yenye mnyororo wa kaboni tatu ulionyooka. Anachanganya benzeni, 1-kloropropani na AlCl₃ kidogo. Badala ya mnyororo ulionyooka peke yake, anapata mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa mara nyingi ni isopropilibenzeni, iliyoshikwa na pete kwa kaboni ya katikati.

Chanzo ni hiki: AlCl₃ huvuta klorini na kuiacha kaboni ya mwisho na chaji chanya. Chaji hiyo haitulii pembeni. Hidrojeni ya kaboni jirani huhama pamoja na elektroni zake, chaji ikahamia katikati, na hapo ndipo pete inaposhika. Kupooza chombo hupunguza tatizo hili bila kulimaliza. Isitoshe, pete iliyokwisha pata mnyororo mmoja huwa nyepesi zaidi kupokea wa pili, hivyo mkemia hulazimika kutumia benzeni nyingi kupita kiasi.

Suluhisho ni kuanza na kloridi ya propanoili, ambayo kaboni yake ya mwisho ina oksijeni. Hapa kaboni na oksijeni hugawana chaji, kwa hiyo chaji haina sababu ya kuhama. Zao ni ketoni iitwayo propiofenoni. Kundi la ketoni huvuta elektroni za pete na kuipunguzia nguvu, kwa hiyo kazi huishia kwenye kundi moja. Gharama yake ni kwamba ketoni huishikilia AlCl₃, hivyo inahitajika zaidi kidogo ya moli moja kwa kila moli ya kloridi ya propanoili. Baadaye mchanganyiko humiminwa kwenye barafu yenye asidi ili ketoni iachiliwe.

Hatua ya pili ni kuondoa oksijeni. Kwa njia ya Clemmensen, ketoni huchemshwa na zinki iliyochanganywa na zebaki katika asidi kali ya hidrokloriki. Kama molekuli ina sehemu isiyostahimili asidi, hutumika njia ya Wolff na Kishner: hidrazini na besi kali, kwenye joto la karibu 200 °C.

Mafanikio huonekana wazi. Propilibenzeni huchemka kwenye 159 °C, ilhali isopropilibenzeni huchemka kwenye 152 °C. Katika kipimo cha infraredi, alama ya ketoni karibu na 1690 cm⁻¹ hutoweka.

Kuna mpaka ambao njia zote mbili haziuvuki: pete yenye kundi la nitro hukataa kabisa. Anayetaka nitro na mnyororo kwenye pete moja, atangulize mnyororo.