Mahindi ya Mei kwa Bei ya Februari: Hesabu Kabla ya Kusema Ndiyo

Mwezi wa pili Voi, mahindi ya vuli yamefika sokoni na bei iko chini. Mwenye hoteli anakuambia, “Niletee magunia 20 katikati ya mwezi wa tano, nitakulipa 4,200 kila gunia. Tuandikiane leo.” Leo gunia la kilo 90 ni 3,600. (Bei hizi ni za mfano, weka za kwenu.) Je, 4,200 ni bei nzuri?

Wengi wetu tungeanza kubahatisha: Mei mahindi yatapanda au yatashuka? Swali hilo liache kando kwanza. Bei ya haki ya ahadi kama hii inatoka kwenye gharama za kuyatunza mahindi kutoka leo hadi siku ya kuyakabidhi. Utabiri hauhitajiki.

Hebu tupige hesabu. Unakopa 3,600 kwenye chama kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Miezi mitatu ni shilingi 162. Stoo ni shilingi 40 kwa gunia kila mwezi, jumla 120. Kwa hiyo gunia la leo, likilala hadi Mei, limekugharimu 3,600 + 162 + 120, yaani 3,882. Hata kama pesa ni zako mwenyewe, hiyo riba ihesabu, kwa sababu pesa zilizolala ndani ya gunia hazizai kwingine.

Sasa, mtu akiahidi 4,200, unanunua leo, unatunza, unakabidhi, na 318 inabaki mfukoni kwa kila gunia. Bei ya Mei ipande hadi 6,000 au ianguke hadi 3,000, wewe haikuhusu, maana bei yako imeshaandikwa. Faida ya namna hii haidumu. Wafanyabiashara wengine wakiinusa watakimbilia kununua leo na kuahidi kwa bei ya chini kidogo, mpaka pengo liishe karibu na 3,882.

Upande wa pili je? Tuseme dalali anaahidi kukuuzia mahindi ya Mei kwa 3,600 hiyo hiyo. Kama una magunia stoo, uza leo, lipa deni, rudisha stoo, kisha Mei nunua kwake. Mahindi yamerudi, na 282 umeokoa kwa kila gunia. Lakini ujanja huu ni wa aliye na mahindi tayari. Asiye nayo hawezi kuuza kitu ambacho hana, ndiyo maana bei ya ahadi inaweza kubaki chini kwa muda mrefu kuliko inavyoweza kubaki juu.

Kuna gharama moja ambayo haiji na risiti: dumuzi. Kaunti yetu inamjua vizuri, maana hapa Kenya aliripotiwa mara ya kwanza Taveta, mwaka 1983, akitokea upande wa Tanzania. Ukiona unga mwingi chini ya gunia na punje zenye matundu, ameshaingia. Anapenda zaidi mahindi yaliyo bado kwenye gunzi, kwa hiyo pukuchua na ukaushe vizuri kabla ya kuweka. Akila asilimia 5 tu, inabidi utunze zaidi ya gunia moja ili ukabidhi gunia moja kamili. Gawa 3,882 kwa 0.95, unapata kama 4,086. Ile faida ya 318 imebaki 114.

Na mkopo wenyewe ni upi? Hapa tuseme ukweli, hata kama sisi ni watu wa pesa za simu. Mkopo wa simu wenye ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, ukiuchukua upya mara tatu, unakula 810 kwa kila gunia. Jumla inafika 4,530 kabla dumuzi hajaonja chochote. Ahadi ya 4,200 inakuwa hasara ya 330, ilhali jirani yako mwenye pesa za chama anapata faida kwenye mahindi yale yale.

Hesabu hii inafanya kazi ndani ya mavuno yale yale. Mtu akitaka ahadi ya mwezi wa tisa, mahindi ya masika yatakuwa yameingia, na bei inaweza kuwa chini ya ya leo. Hakuna anayeweza kuyavuta mavuno ya Agosti yaje Februari, kwa hiyo bei ya leo pamoja na gharama hukuonyesha dari tu. Sakafu haikuonyeshi.

Halafu kuna yule mwenye hoteli. Mei bei ikishuka hadi 3,300, atavutiwa kununua sokoni na kutopokea simu zako. Mwombe malipo ya awali yanayokaribia pengo unaloliogopa, tuseme 500 kwa gunia, yaani 10,000 kwa magunia 20. Akutumie kwa simu siku mnayoandikiana, na ule ujumbe wa malipo usiufute hadi gunia la mwisho lipokelewe.