Picha ya Dirishani Ilipigwa Wapi?

Tuseme kuna picha ya nyika iliyopigwa kupitia dirisha la treni. Kwanza zitafutwe nguzo za umeme wa reli. SGR ya Tanzania huzihitaji njia nzima. Ile ya Nairobi hadi Mombasa hutumia dizeli, haina. Lakini nguzo zimepishana, hivyo picha moja isiyo nazo haitoshi kukata shauri.

Mwendo nao husoma. Nguzo fupi iliyo karibu huvutika kwa ubavu tu. Kimo chake hakibadiliki, basi hicho ndicho rula. Kama kimo ni mita 1 na mvutiko ni nusu yake, huku kamera ikiwa imefunguka kwa sekunde 1/60, treni ilikwenda mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa.

Ikiwa iliondoka Mtito Andei dakika 15 kabla, itafutwe kama kilomita 25 kuelekea Voi, kwenye picha za setilaiti, kwa daraja au kona ya barabara inayoonekana.

Milima ya mbali ikivutika pia, mpigaji alizungusha simu, na hesabu hiyo haifai.